Kilo 2, sentimita 10, juli 1: kazi ya kuvuta springi

*"Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano. Nilitundika jiwe la mizani la kilo 2 kwenye springi, ikarefuka sentimita 10. Nikapiga hesabu: kazi ni kani mara umbali, nyutoni 20 mara mita 0.1, nikapata juli 2. Kitabu kinasema juli 1. Nusu imekwenda wapi? Na mbona sentimita 10 zinazofuata zinataka juli 3? Nikiibana badala ya kuivuta, jibu linakuwa hasi? Mjomba wangu ana gereji, anataka kunipa shokapu nzima ya gari nitoe springi yake niipime. Naweza?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri: hiyo shokapu nzima usiifungue. Iache gereji mpaka umalize kusoma jibu hili. Hatari yake inatoka kwenye hesabu hii hii unayoniuliza, kwa hiyo tutairudia tukishaelewana juu ya juli 1.

Sasa chukua ile springi yako, ondoa jiwe, uivute kwa mkono polepole ukiwa umeweka rula pembeni. Zingatia vidole vyako. Mwanzoni kabisa, springi ikiwa imelala kwa urefu wake wa asili, huhisi kitu. Ikifika sentimita 1 unavuta kwa nyutoni 2 tu, sawa na kushika gramu 200 za sukari. Kwenye sentimita 5 unavuta kwa nyutoni 10. Nyutoni 20 unazihisi pale tu inapogusa sentimita 10. Njia yote kabla ya hapo mkono wako ulikuwa unavuta kwa kani ndogo kuliko hiyo.

Hapo ndipo hesabu yako ilipopotea. Kani mara umbali ni sahihi pale kani inapobaki ileile mwanzo hadi mwisho, kama unapopandisha ndoo ya maji kutoka kisimani: ndoo ni nzito vilevile chini na juu. Springi haiko hivyo. Robert Hooke, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1678, alisema kwamba kani inaongezeka sawia na kiasi springi ilichorefuka. Tunaandika F = kx, ambapo x ni kiasi cha kurefuka na k ni ukakamavu wa springi, yaani nyutoni ngapi zinahitajika kwa kila mita. Springi yako ilitaka nyutoni 20 kwa mita 0.1, kwa hiyo k yake ni nyutoni 200 kwa mita. Wewe ulichukua kani ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote, ukaitoza njia nzima.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni wa fundi muashi. Tuseme ana matofali ya kupanga mnara wa mita 2, moja juu ya lingine. Yote yapo chini. Ukitaka kujua kazi ya kuyapandisha, huwezi kusema kila tofali limepandishwa mita 2. La kwanza amelilaza chini, halikupanda. La pili limepanda kimo cha tofali moja. Ni la mwisho tu ndilo lililofika karibu na mita 2. Ukichukua yote kwa pamoja, kila tofali limepanda wastani wa mita 1, na kazi ni nusu ya ile ambayo ungeipata kwa kuyapandisha yote hadi kileleni. Springi ni hivyohivyo, ila badala ya kimo kinachoongezeka ni kani inayoongezeka.

Lakini usikubali neno "wastani" kwa kuwa mimi nimelisema. Tulikate jambo vipande tuone. Gawa zile sentimita 10 katika hatua 5 za sentimita 2. Mwisho wa kila hatua springi inataka nyutoni 4, 8, 12, 16 na 20. Ukijifanya kwamba kila hatua ilivutwa kwa kani ya mwisho wake, unajumlisha hizo, unapata 60, unazidisha kwa mita 0.02, jibu ni juli 1.2. Hapo umezidisha kiasi, maana kila hatua umeitoza kani kubwa kuliko iliyotumika. Rudia ukitumia kani ya mwanzo wa kila hatua: 0, 4, 8, 12 na 16. Jumla 40, mara 0.02, ni juli 0.8. Hapo umepunja. Ukweli uko katikati ya hizo mbili.

Kata vipande vyembamba zaidi, hatua 10 za sentimita 1. Kwa kani za mwisho unapata juli 1.1, kwa kani za mwanzo juli 0.9. Kwa hatua 100 ni 1.01 na 0.99. Unaona kinachotokea: kuta mbili zinakaribiana kutoka pande zote, na kati yao hakuna mahali pa kukaa ila juli 1. Juli 2 yako iko nje kabisa ya kuta hizo, hata kwa ukataji mbaya wa hatua 5.

Ukichora grafu, kani ukiiweka kwenye mhimili wa wima na kiasi cha kurefuka kwenye mhimili wa mlalo, utapata mstari ulionyooka unaopanda kutoka sifuri. Kila kipande ulichokikokotoa ni kibao chembamba kinachosimama chini ya mstari, na vikijumlishwa vyote vinajaza pembetatu. Eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo: nusu, mara 0.1, mara 20. Juli 1. Hesabu yako ya kwanza ilikuwa eneo la mstatili mzima, pembetatu pamoja na ile nusu ya juu ambayo mkono wako haukuigusa kamwe. Mwaka huu au ujao mtafika kwenye hesabu ya kujumlisha vipande visivyo na mwisho, ile ya alama ya S ndefu, nayo itakupa kitu hichohicho kwa mstari mmoja:

W = ∫ kx dx = ½kx²

Angalia jambo moja ambalo wengi hulipita. Nusu hiyo imetokana na mstari kunyooka. Haitokani na springi kuwa springi. Ukichukua mpira wa ndani wa baiskeli ukauvuta, grafu yake inapinda, na ukiandika ½ hapo utakuwa unabahatisha. Kwa kitu cha aina hiyo unarudi kwenye vipande: unapima kani kila sentimita, unahesabu eneo chini ya mstari uliopinda. Njia ya vipande haikuangushi kamwe. Fomula ya ½kx² ni njia ya mkato ya springi inayomtii Hooke.

Sasa tuje kwenye swali lako zuri kuliko yote, la nusu iliyopotea. Nasema ni zuri kwa sababu jiwe lako la kilo 2 limeshuka kweli sentimita 10, na uzito wake ni nyutoni 20 mwanzo hadi mwisho, haukubadilika. (Natumia 10 kwa mvutano wa dunia kama wewe, ukitumia 9.8 kila kitu kitapungua kidogo bila kubadili hoja.) Kwa hiyo dunia imefanya kazi ya juli 2 juu ya jiwe, hilo halina ubishi. Springi ina juli 1 tu. Juli nyingine lazima iwe mahali, na mahali pake panategemea ulivyolitundika jiwe.

Nina uhakika hukuliachia. Ulilishika kwa kiganja, ukalishusha taratibu mpaka springi ikalibeba yenyewe. Kiganja chako kilikuwa chini ya jiwe. Mwanzoni kilibeba nyutoni 20 zote, springi haijabeba kitu. Kwenye sentimita 5 mlikuwa mnagawana, kumi kwako na kumi kwa springi. Mwishoni kiganja hakibebi kitu. Kani ya kiganja ilianza 20 ikaisha 0, ikielekea juu wakati jiwe linaelekea chini. Chora na hiyo: ni pembetatu nyingine, juli 1 kamili, na ndiyo ile nusu ya juu ya mstatili wako. Jiwe liliposhuka lilitoa juli 2. Moja ilipokewa na springi ikahifadhiwa, moja ilipokewa na mkono wako ikapotelea kwenye misuli kama joto.

Kama bado una shaka, fanya jaribio hili, na ulifanye kwa kilo 1, si kilo 2. Tundika jiwe la kilo 1 kwenye springi hiyohiyo, lishikilie springi ikiwa na urefu wake wa asili, kisha liachie tu, bila kulisukuma. Rafiki yako aweke jicho usawa wa rula. Ukilishusha taratibu, jiwe la kilo 1 linatulia kwenye sentimita 5. Ukiliachia litapita hapo, litashuka mpaka karibu sana na sentimita 10, litasimama kitambo kidogo, halafu litarudi juu. Sasa piga hesabu ya pale liliposimama. Kilo 1 imeshuka mita 0.1, dunia imefanya kazi ya nyutoni 10 mara 0.1, juli 1. Jiwe halina mwendo kwa wakati huo, mkono haupo, kwa hiyo juli yote iko ndani ya springi. Na springi imevutika sentimita 10. Hiyo ndiyo juli 1 ya kitabu chako, imepimwa bila fomula ya nusu hata kidogo. Kama kazi ya kuvuta springi hiyo sentimita 10 ingekuwa juli 2, jiwe la kilo 1 lisingeweza kufika pale, lisingekuwa na nishati ya kutosha. Litapungukiwa milimita chache kwa sababu ya hewa na msuguano wa waya wenyewe, usishangae.

Ukiliachia la kilo 2 badala ya kulishusha, litapita sentimita 10 likiwa na mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Ile juli iliyopotea utaiona kwa macho: nusu mara kilo 2 mara 1 ya kipeo cha pili, ni juli 1 ya nishati mwendo. Litaendelea hadi sentimita 20, litarudi, litapanda na kushuka karibu mara 8 kwa sekunde 5, kila mara pungufu kidogo, mpaka litulie kwenye sentimita 10. Juli ile imekwisha kidogo kidogo kwa kupasha joto hewa na waya. Kwa vyovyote vile, jiwe likishatulia springi inabaki na juli 1. Lakini kule kwenye sentimita 20 springi ilivutwa kwa nyutoni 40, mara mbili ya uzito wa jiwe, ndiyo maana nimekuambia utumie kilo 1.

Hili unaweza kuliona sokoni. Mchuuzi wa samaki akiiweka samaki kwenye mizani ya kuning'iniza kwa kuiachia ghafla, mshale unaruka hadi karibu mara mbili ya uzito wa kweli kabla ya kurudi na kutulia. Akiitupa kutoka juu, unaruka zaidi ya mara mbili. Mteja akisoma haraka hapohapo atalipia samaki wawili. Mizani yenyewe nayo inaumia: ile ya kilo 5 inayotupiwa samaki wa kilo 3 kila siku inavutwa kwa kilo 6 au zaidi kila mara, na baada ya muda mshale haurudi tena kwenye sifuri.

Hapo tumegusa mpaka wa kanuni ya Hooke. Springi ikivutwa kupita kikomo chake cha unyumbufu, waya unajipinda kabisa na haurudi. Nilipokuwa nafundisha, tuliwahi kupata matokeo ya ajabu kutoka kundi moja maabara: namba za kuongeza mawe zilikuwa kwenye mstari mzuri, lakini tulipopunguza mawe moja moja springi ilikuwa ndefu kuliko mwanzo kwa kila uzito, na bila jiwe lolote ilibaki milimita 6 zaidi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa ameivuta katikati ya jaribio kwa mkono kwa nguvu ili aone inafika wapi. Tangu siku hiyo huwa nadai usomaji wa pande zote mbili, wakati wa kuongeza na wakati wa kupunguza. Namba zikilingana na grafu ikiwa imenyooka, springi ni nzima na ½kx² inafaa. Zisipolingana, sehemu ya kazi uliyofanya haikuhifadhiwa, imetumika kuharibu waya, na hakuna fomula itakayokurudishia.

Tukienda kwenye juli 3, jibu limeshalala ndani ya pembetatu yako. Unaporefusha springi kutoka sentimita 10 hadi 20, huanzi tena kwenye sifuri. Unaanza kwa nyutoni 20 na unamaliza kwa 40. Wastani ni 30, mara mita 0.1, juli 3. Kwenye grafu si pembetatu tena, ni trapeza iliyosimama kwenye kitako kilekile. Au hesabu nishati yote tangu urefu wa asili: kwenye sentimita 20 ni nusu mara 200 mara 0.04, juli 4. Toa ile juli 1 uliyokwisha kuilipa, zinabaki 3. Sentimita 10 za tatu zitataka juli 5, za nne juli 7, kama springi itavumilia.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kwenye karatasi za mitihani liko hapa. Swali linasema springi imevutwa tayari sentimita 10, tafuta kazi ya kuivuta sentimita 10 zaidi, na mwanafunzi anaandika ½ × 200 × (0.1)². Anadhani x ni umbali aliosogea yeye. Sivyo. x inapimwa daima kutoka kwenye urefu wa asili wa springi, pale ambapo haivuti wala haisukumi, hata kama wewe umeikuta katikati ya safari. Sahihi ni ½k(0.2)² toa ½k(0.1)². Na usichanganye urefu wa asili na urefu mzima: kama springi yako ina sentimita 15 ikiwa imelala na sasa ina 25, x ni 0.1, si 0.25.

Kuhusu kuibana, jibu si hasi. Unapovuta, kani ya mkono wako inaelekea upande mmoja na springi inasogea upande huohuo. Unapobana, mkono umegeuka na mwelekeo wa kusogea nao umegeuka. Vyote viwili vimebadilika pamoja, kwa hiyo kazi ya mkono wako ni chanya kama mwanzo, na x ikiwa hasi 0.1, kipeo chake cha pili ni chanya 0.01. Kubana sentimita 10 kunagharimu juli 1 ileile, ikiwa springi ni ya aina inayobanika. Ile yako ya maabara pengine koili zake zimegusana tangu mwanzo, hiyo haibaniki. Na hata springi ya kubanwa ina mwisho wake: koili zikigusana unakuwa unasukuma chuma kwa chuma, na mstari wa grafu unapanda ghafla.

Alama ya hasi unayoiona kwenye baadhi ya vitabu, F = −kx, ni ya kani ya springi yenyewe, ambayo siku zote inapingana na ulikoipeleka. Kwa hiyo ukiulizwa kazi, uliza kwanza: ni kazi ya nani? Ukiivuta sentimita 10, kazi ya mkono ni juli 1, kazi ya springi juu ya mkono ni hasi 1. Ukiirudisha taratibu, springi ndiyo inayofanya kazi chanya na mkono unafanya hasi.

Sasa shokapu ya mjomba. Springi za mbele za magari madogo zina ukakamavu wa namna ya nyutoni 25 kwa milimita. Inatofautiana gari na gari, lakini tuichukue hiyo. Hiyo ni nyutoni 25,000 kwa mita, mara 125 ya springi yako. Jambo ambalo halionekani kwa macho ni kwamba kwenye shokapu nzima, springi na shokapu zikiwa zimefungwa pamoja, springi imeshabanwa hata kabla gari halijaikalia. Kiwandani waliibana ndipo wakafunga nati ya juu. Shokapu imelala sakafuni, imetulia, unaweza kuibeba begani, kumbe ndani yake x si sifuri.

Tuseme imebanwa sentimita 5. Kani iliyo chini ya ile nati ni 25,000 mara 0.05, nyutoni 1,250, sawa na uzito wa kilo 125. Nishati iliyohifadhiwa ni nusu mara 25,000 mara 0.0025, karibu juli 31. Ukilegeza nati mpaka ikatoka, kikombe cha juu chenye uzito wa kilo 1 kinaweza kurushwa kwa mwendo unaokaribia mita 8 kwa sekunde, na kwa kawaida uso wa anayefungua uko palepale juu yake. Watu wameumia vibaya kwa njia hii, wengine wamekufa.

Fundi anayejua hufunga klempu za springi pande mbili, anaibana zaidi mpaka nati ya juu haibebi kitu, ndipo anaifungua. Hapo tena ona hesabu inavyokwenda. Akiongeza sentimita 3 tu juu ya zile 5, nishati inakuwa nusu mara 25,000 mara 0.0064, juli 80. Sentimita 3 zimeongeza juli 49, zaidi ya zile 5 za mwanzo zote kwa pamoja. Ni ile juli 3 yako baada ya juli 1, ila sasa iko kwenye chuma kinene kinachoshikwa na klempu mbili. Klempu yenye uzi uliolika, au iliyofungwa upande mmoja kuliko mwingine, ikiteleza, juli hizo zinatoka kwa mara moja. Kwa hiyo mwambie mjomba akufungulie yeye, au fundi wake mwenye klempu nzima na uzoefu, wewe ukiwa umesimama mbali, kamwe si kwenye mstari wa springi. Kama gereji haina klempu na wanafungua kwa kamba au kwa kukalia springi, ondoka hapo, jaribio lako halina thamani hiyo.

Springi ikishatoka na kulegea kabisa ni salama kuipima, kwa sababu x sasa ni sifuri kweli. Isimamishe sakafuni juu ya ubao, weka ubao mwingine juu yake, na mtu mzima akusaidie kuegesha mfuko wa saruji wa kilo 50 juu taratibu, ukiwa umezungushiwa nguzo au fremu usiangukie pembeni, maana springi ndefu hupenda kupinda ubavuni. Kwa ukakamavu ule niliousema, itashuka sentimita 2 tu. Pima kwa milimita, pande tatu za ubao, chukua wastani.

Kisha linganisha na springi yako ya maabara, utakutana na jambo litakalokushangaza. Watu husema springi ngumu huhifadhi nishati zaidi. Ni kweli zikibanwa kwa umbali mmoja. Lakini zikibebeshwa uzito mmoja ni kinyume: kutoka F = kx unaweza kuandika kazi kuwa F² gawa kwa 2k, na k ikiwa kubwa jibu linakuwa dogo. Mfuko mzima wa saruji unaweka kwenye springi ya gari nusu mara 500 mara 0.02, juli 5. Jiwe lako la kilo 2 likiwekwa hapo juu litaibana chini ya milimita 1 na kuhifadhi juli 0.008 tu, ilhali kwenye springi yako laini lilihifadhi juli 1. Kwa hiyo ukileta springi mbili mezani, kabla ya kusema ipi ina nishati zaidi, angalia kama umezilinganisha kwa umbali au kwa uzito.

Usomaji wa springi ya maabara, wa kuongeza na wa kupunguza, mwonyeshe mwalimu wako wa fizikia akiwa na springi yenyewe mkononi. Kuna kasoro za waya ambazo mimi sitaziona kwenye namba ulizoandika, naye atazihisi kwa kuivuta mara moja.